Sekunde Tano za Kimya

Katika andalio la somo la Uraia na Maadili, darasa la sita, niliandika swali: mwenyekiti wa kijiji asiposoma mapato na matumizi, wananchi wafanye nini? Kisha: subiri sekunde tano, wajadili wawili wawili, ndipo uchague wa kujibu.

Mwalimu wa taaluma wa shule yetu ya Korogwe akafuta "subiri". Bwana huyu kwake swali ni sentensi anayoianza yeye, watoto waimalizie kama kwaya. "Kimya maana yake hujafundisha," akaniambia.

Nikalirudisha neno hilo. Alipokuja kukagua, niliuliza, nikanyamaza. Hata kabla sekunde tano hazijaisha akajibu yeye: "Wamvumilie."

Msichana mmoja akamgeukia. "Mpaka lini, mwalimu?"

Nikamsubiri bwana huyo ajibu. Kengele ililia bado nasubiri.