Sentimita Tatu Kaskazini

Mpaka leo nikiona dira napandwa na hasira. Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya Nyegezi, miaka ile maduka ya fotokopi yalipoanza kufunguliwa kila kona mjini Mwanza. Mwalimu wetu wa jiografia alichora ramani ya shule, akaandika chini yake: sentimita moja ni sawa na mita kumi. Akaipeleka mjini, na ili abane matumizi ya karatasi, akaagiza kopi zipunguzwe ukubwa kwa nusu. Maandishi ya skeli yakabaki yaleyale. Ramani yenyewe akaibandika ukutani darasani.

Tukatoka nje na dira, rula na kamba ya mita kumi. Tulitakiwa kuanzia kwenye mlingoti wa bendera, tufuate ramani mpaka kwenye tangi la maji. Kwenye kopi ya kundi letu, tangi lilikuwa sentimita tatu kaskazini. Tukafuata dira, tukatandaza kamba mara tatu, tukaishia katikati ya uwanja wa mpira. Tangi bado lilikuwa mbele, umbali uleule tuliokwisha kupima.

"Mmepima ovyo!" mwalimu akafoka.

"Mwalimu, kwenye ramani yako ya ukutani ni sentimita sita," nikamwambia. "Hii imepunguzwa, lakini skeli haikubadilishwa."

"Leo unanifundisha mimi?"

Akanichapa palepale, mbele ya wenzangu walioshika kamba.

Na unajua waliopata vema siku hiyo ni akina nani? Ni wale walioliona tangi kwa macho, wakalikimbilia, wala ramani hawakuikunjua.