Kumi ya Wiki Kumi

Paulina hakuingia kwenye ofisi ya SACCOS siku ile kwa heri. Aliingia kwa shida ya mwenzake, na hasira alikuwa ameshaibeba kutoka nyumbani.

Yeye ni muuza mafuta ya alizeti pale Chang'ombe, mama wa sauti kubwa, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wanaodhaminiana mkopo wa kampuni moja ya mikopo midogo. Jioni ile kikundi kilikuwa kinakwenda kubeba cherehani ya mwenzao, Angelina. Ndivyo wanavyofanya: mmoja akikwama na rejesho, wenzake wanaingia kwake na kutoa chombo, na mwenyekiti ndiye anayetangulia. Angelina alikuwa amekwama wiki mbili. Bila cherehani, atakula nini?

"Shikamoo mama," karani Geofrey akamwamkia.

"Marahaba. Mnakopesha kwa riba gani? Nataka kumwokoa mtu."

"Asilimia mbili kwa mwezi, kwa deni lililobaki tu. Ni ishirini na nne kwa mwaka. Fomu bure."

"Ishirini na nne! Ebo! Mwizi ana afadhali, anakuja usiku. Sisi kule tunalipa kumi!"

Geofrey hakukasirika. "Kumi kwa muda gani, mama?"

"Wiki kumi. Unakopa laki tatu, unarudisha elfu thelathini na tatu kila wiki. Basi."

"Na mkononi unapewa laki tatu kamili?"

Paulina akakumbuka makato. Kulikuwa na fomu, na bima, na kitu wanachokiita uchakataji. "Laki mbili na themanini," akasema, sauti imepungua.

"Umepokea laki mbili na themanini, unarudisha laki tatu na thelathini. Gharama ni elfu hamsini, si thelathini. Tena hiyo hela hukai nayo wiki zote kumi. Wiki ya kwanza tu umeshaanza kuirudisha. Ukipiga wastani, uliyokaa nayo ni kama laki moja na nusu. Hiyo ndiyo unayoilipia elfu hamsini. Theluthi yake, mama, kwa wiki kumi! Na mwaka una wiki kumi ngapi?"

"Tano na kidogo."

"Zidisha."

Paulina akazidisha kwa midomo, kama anavyozidisha madumu. Asilimia mia moja na sitini na ushee. Akarudia. Ikatoka ileile.

Jamani! Wao ndio waliokuwa wakiwacheka majirani wanaokopa kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Angelina alikuwa mwanachama wa SACCOS hii hii. Nani alimtoa? Paulina! Alimfuata mpaka kwake, akamcheka: "Ishirini na nne ya nini, mwenzangu, na huku kuna kumi?" Hakuuliza kumi ya wiki ngapi. Wala Angelina hakuuliza, kwa kuwa alimwamini.

Alipofika kwa Angelina, wanakikundi wenzake walikuwa wameshaitoa cherehani nje, uani. Anyitike, afisa mikopo wa kampuni ile, kijana nadhifu wa shati jeupe, alikuwa amesimama kando na fomu za mkopo mpya wa kikundi kwapani. Angelina hakulia. Alikuwa ameikunja nguo ya mteja aliyokuwa akiishona, ameishika tu.

"Mwenyekiti, tumekusubiri wewe utangulie kuibeba," Anyitike akasema.

"Subiri kwanza. Waambie hawa riba yako ni ngapi kwa mwaka."

"Mama, riba ni asilimia kumi. Mlielezwa, mkasaini."

"Nimeuliza kwa mwaka! Weka na bima yako, weka na fomu yako, weka na huo uchakataji wako!"

"Sisi hatuhesabu kwa mwaka, mama. Mkopo ni wa wiki kumi."

"Hamhesabu kwa sababu mnajua kinachotoka!" Paulina akawageukia wenzake, akawapigia hesabu ile hatua kwa hatua, kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliomkosea. Brightness, mweka hazina, aliizidisha kwenye simu, akaiangalia, akaizima. Hakuna aliyenyoosha mkono kupokea fomu mpya.

"Deni bado ni deni," Anyitike akasema.

"Sijakataa." Paulina akafungua fundo la kanga, akatoa hela ya alizeti aliyokuwa aende kununulia mzigo kesho, akamhesabia elfu sitini na sita. "Marejesho mawili ya Angelina. Andika risiti, uondoke."

Kisha akainama kuishika cherehani, airudishe ndani. Angelina akaweka mkono juu yake.

"Acha, Paulina. Nitaibeba mwenyewe," akasema. "Wewe ulishanibebea vya kutosha, kuanzia na ile kumi yako."