Bomba Langu Hewani

Watu wakinisikia redioni hufikiri mimi ni mama mtulivu. Waulize majirani zangu hapa Lodwar. Nina mdomo, ninao tangu shule ya msingi, na nilipozaa ukaongezeka. Mtoto wangu wakati huo alikuwa na miezi kumi, na mtoto wa miezi kumi anatoa nguo chafu kama kiwanda. Sasa mwambie mama wa mtoto kama huyo kwamba bomba limekauka siku ya sita.

Nilikuwa naendesha kipindi cha asubuhi katika redio ndogo ya jamii, kile cha wasikilizaji kupiga simu. Nilimaliza kidato cha nne, sikwenda chuo. Kazi nilijifunza palepale, kwa kukosea. Simu ya studio ilikuwa imekufa, kwa hiyo tukawa tunatangaza laini yangu mwenyewe. Kila aliyepiga nilihifadhi namba yake ili nimtambue akirudi: mama wa mandazi wa stendi, mzee wa mbuzi wa Lokichar, mwalimu wa Kalobeyei. Nao walinihifadhi. Kwa hiyo stetasi zangu, zile picha na maneno ya simuni nilizodhani nawaandikia dada zangu na mashoga zangu, zilikuwa zinasomwa na kaunti nzima. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Siku hiyo ya sita nilipiga picha bomba langu na mitungi mitupu mbele yake, imepangwa kama watoto wa nasari. Chini nikaandika: "Ofisa wa maji ni mwongo. Maji yetu wanauziwa wenye matanki. Alhamisi yuko kwangu hewani, atajuta kunijua." Nikaweka, nikaenda kutafuta maji kwa jirani nikijisikia vizuri sana. Ukweli lazima niuseme, nilijisikia vizuri kama mtu aliyekunywa chai ya maziwa.

Niliporudi wasikilizaji walikuwa wamejaa kwenye simu. "Mchome huyo, dada." "Alhamisi siendi sokoni, nakaa na redio." Katikati ya hizo kulikuwa na ujumbe wa ofisa mwenyewe, maana namba yangu alikuwa nayo, mimi ndiye niliyempigia kumwalika. Aliandika kwa adabu kwamba Alhamisi hatakuja, kwa sababu kesi yake imekwisha kuamuliwa.

Mhariri wetu ni mama mtu mzima anayevaa miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Aliniita.

"Ulimwona nani akiuziwa?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu nitampata wapi nimuulize?"

 Kisha nikasema ile sentensi wanayosema watangazaji wote wakibanwa. "Ile ni simu yangu, ni maisha yangu, haikuwa hewani."

"Mama," akasema, nami nilijua akiniita mama badala ya mwanangu mambo ni mabaya, "sauti yako iko redioni kila asubuhi. Ukiwa jikoni haibadiliki ikawa ya mtu mwingine. Yule wa matanki akisikiliza, ataamini utamuuliza ofisa kwa haki? Na wewe ofisa akikujibu ukweli, utausikia?"

"Bomba langu ni kavu. Hayo si maoni."

"Bomba ni kavu, kweli. Mwongo ni maoni. Wenye matanki ni tuhuma, na hujaichunguza. Umevichanganya vitatu katika sufuria moja."

Nilitaka kubishana na sikupata pa kushikia, jambo linaloniudhi kuliko kukosa maji. Akaniambia kipindi cha Alhamisi anaweza kumpa mwenzangu, au nikiendeshe mimi nikiwa nimesema wazi mimi ni nani katika habari hii na nimekosea wapi. Kufuta kimyakimya hakutoshi, kwa sababu watu walishapiga picha skrini. Niamue. Kabla sijaamua niende Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, siku mbili kusaidia kurekodi, nikakae na mwenzetu wa huko. Mtoto twende naye.

Nililiona hilo kuwa adhabu. Nilifika Kakuma nimenuna mpaka mtoto akanichoka.

Mwenzetu huyo ni mkimbizi kutoka Kongo, mtangazaji kama mimi, mama wa watoto wanne, na ni mcheshi kiasi kwamba hata kununa ni kazi ukiwa naye. Wiki hiyo kulikuwa na malalamiko ya foleni ya chakula. Asubuhi alipanga foleni yeye mwenyewe na kadi yake, jua kichwani, mimi nyuma yake na mtoto wangu mgongoni. Alipopokea chake akaweka magunia pembeni, akatoa kinasa sauti, akarudi kuwauliza watu wale wale aliosimama nao. Alianza kwa kusema, "Mimi pia niko wa mustari huu, mumeniona. Sasa semeni nyinyi." Mara moja tu. Baada ya hapo hakujitaja tena. Halafu akaenda kwa msimamizi wa ugawaji, akamuuliza vilevile, kwa sauti ileile.

Nyumbani kwake, akipika, ndipo alipofungua hasira zake. Alimsema yule msimamizi kuanzia viatu mpaka kofia. Aliiga anavyotembea. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

"Kwa nini hukuyasema haya redioni?" nikamuuliza.

"Hii ni yangu ya kupikia," akasema akikoroga sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. "Dada, weye unafikiri watu wanakosaka hasira? Hasira wako nayo, hata kuliko yako. Wanakosaka mutu wa kuwaulizia. Nikitukana, msimamizi anafungaka mulango. Nikikaa muzuri, anajibu, na jibu lake ndiyo ninaenda kuchunguza."

"Na kusema uko kwenye foleni, hilo halikuharibii?"

"Nikificha ndiyo itaniharibia. Wote wananiona na gunia. Nasemaka kitu kile watu wanahitaji kujua ili wanipime. Bwana yangu anakoroma, hicho hawahitaji."

Basi hapo nikaelewa. Nikaamua kukiendesha kipindi mwenyewe. Nikamwandikia ofisa: nitasema kosa langu kabla sijamuuliza swali, naye atapata muda wa kujibu kila kitu. Hakujibu, simu ilionyesha tu kwamba amesoma.

Alhamisi alikuja. Alikaa mbele yangu amekunja mikono, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi kwa sababu mdomo wangu siuamini. Taa nyekundu ikawaka.

"Ejok, hamjambo wasikilizaji. Kabla ya mgeni wangu, mjue mambo mawili. Mimi naishi upande wa chini wa mtaa tutakaouzungumzia, na bomba langu ni kavu. Pili, niliandika kwenye simu yangu kwamba mgeni huyu ni mwongo na kwamba maji wanauziwa wenye matanki. Sikuwa nimechunguza. Nimeyaondoa na hapo hapo nimeandika kwamba nilikosea. Bwana ofisa, nakuomba radhi. Maswali bado ninayo."

Mikono yake ikakunjuka kidogo. Mhariri, nyuma ya kioo, akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine.

Nikamuuliza maji ya mtaa wetu yako wapi. Akasema bomba kuu lilipasuka, likatengenezwa, na tangu juzi maji yamefunguliwa mtaa mzima. Mtaa mzima. Asubuhi ile nilikuwa nimefungua bomba langu likanikoholea. Damu ilinipanda. Neno lile la kwanza, lile nililokuwa nimetoka kuliombea radhi, lilikuja mpaka nyuma ya meno.

Nikalimeza. Nikasema, "Mgeni anasema yamefunguliwa. Aliye nyumbani mtaa huo aende bombani sasa hivi, afungue, anipigie. Simu iwe karibu na bomba tusikie."

Wa kwanza alikuwa mama wa upande wa chini. "Sikiliza," akasema, na hewani tukasikia pfff, halafu kikohozi kirefu cha bomba. "Umesikia mwenyewe?"

Wa pili, upande wa chini pia. Bomba lake lilipiga mluzi kabisa. Ofisa alikuwa ameinamia simu yangu kama daktari.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya furaha. "Mimi niko juu, karibu na kanisa. Yanamwagika tangu juzi. Nimefua mpaka mapazia." Na kweli tukasikia maji yakipiga beseni, kelele nzuri jamani, nikakaribia kulia kwa wivu.

Kwa hiyo hakuwa mwongo. Nusu ya mtaa ilikuwa na maji na nusu haikuwa nayo, na mimi kwa bomba langu moja nilikuwa nimehukumu mtaa wote. Kama ningelitoa lile neno, yule mama wa mapazia asingepiga. Nani angepiga kumtetea mtu anayetukanwa na mtangazaji?

Akaingia mzee wa mbuzi wa Lokichar, ambaye hata maji yetu hayamhusu. "Dada, wewe sema, huyu unamwamini au humwamini?"

"Mzee, hiyo nitaipika nyumbani," nikasema. "Hapa kuna mabomba mawili makavu na moja linalotoka. Bwana ofisa, inakuwaje?"

Akaomba wimbo mmoja ampigie fundi. Wimbo ulipoisha alirudi hewani uso umebadilika. Alisema koki za kugawa maji zilifungwa wakati wa matengenezo, ikafunguliwa ya upande wa juu, ya chini ikasahaulika. Taarifa aliyopewa ilisema zote zimefunguliwa, naye hakwenda kutazama.

"Basi na mimi sikuchunguza," akasema. Mhariri alicheka nyuma ya kioo, tukamsikia bila maiki.

Sikuwahi kufurahia kipindi kama kile. Simu ziliendelea kuingia hata baada ya taarifa ya habari, watu wakiripoti mabomba yao kama wanaripoti mpira.

Mchana huohuo bomba langu lilikohoa, likatema matope, likanyamaza, halafu likaachia. Nilimweka mtoto kwenye beseni na nguo zake. Jirani akatoka na simu. "Piga picha hiyo, weka stetasi, tuonyeshe tumewashinda."

"Hatujamshinda mtu. Koki imefunguliwa."

"Kuwa mama wa redio kumekuharibu," akasema, akanimwagia kopo zima mgongoni. Nikamrudishia. Mtoto alipiga maji kwa mikono yote miwili akipiga kelele, na tulikuwa watu wazima wawili tuliolowa kama bata. Picha jirani alipiga, ikaenda kwa dada zangu kwenye laini mpya niliyoinunua, ya nyumbani. Kwenye laini ya kipindi niliandika kitu kimoja tu: upande wa chini maji yametoka, asiyepata apige.

Jioni ofisa akaniandikia. "Mama, bomba lako?"

"Linatoka, asante. Na la zahanati ya chini? Wanasema bado."

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika. Nikamkausha mtoto, nikamvalisha, nikamtandikia, nikarudi, bado anaandika. Halafu akajibu: "Naenda mwenyewe kutazama."