Kazi ya D

Jirani yangu Euphrasia hatulii. Hata akikaa, mguu mmoja uko njiani. Anafundisha anatomia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha afya hapa Shinyanga, na muhula huu alipewa kuandaa mazoezi. Mashine ya kudurufu ya chuo hugeuza kila picha kuwa doa jeusi, kwa hiyo mchoro huelezwa kwa maneno, halafu mwanafunzi ataje sehemu na kazi zake.

Sharti lake: eleza sehemu ilipo, umbo lake na inachopakana nacho. Jina usitaje, kazi usitaje. Mkuu wake, Mwalimu Sostenes, alimrudishia zoezi la mapafu mara mbili kwa kosa lilelile. Kwenye sehemu yenye herufi D, yaani vile vifuko vya hewa, aliandika kwamba ndimo hewa safi inamoingilia kwenye damu. Sasa mwanafunzi abakiwe na nini? Lakini mimi namjua, hakukosea kwa ujinga. Mumewe, Mabula, mtoboa mwamba kwenye machimbo ya Nyarugusu, alikuwa amerudi nyumbani na kikohozi kikavu, na Jumatatu alipanga kurudi hukohuko. Alisihiwa, akajibu kwamba vumbi halijawahi kuua mwanaume. Nilitamani kumchapa mwiko.

Jumamosi nilikuwa kwao nachambua karanga. Euphrasia ana desturi ya kumsomea zoezi mtu asiyesomea afya. Akichora sawasawa, maneno yametosha. Siku hiyo alimpa Mabula penseli.

"Mapafu yanaonekana kwa mbele," akasoma. "Pafu la kulia la mtu liko kushoto kwako, lina sehemu tatu. La kushoto lina mbili. A ni bomba la katikati lenye pete zisizofunga kwa nyuma. Linagawanyika matawi mawili, B. Yanazidi kugawanyika na kuwa membamba, C. Mwisho kabisa kuna vifuko vidogo vilivyoshikana kama kichala cha zabibu, vimezungukwa na vishipa vya damu. Hivyo ni D."

Mabula alichora vizuri kuliko nilivyomdhania. Maswali yakafuata: taja A hadi D, eleza kazi ya kila moja, kuta za D zikiwa nene na ngumu kwa vumbi la mawe, kazi yake itaathirikaje? Hilo la mwisho Sostenes hakuliomba.

Mabula akakohoa, akasema pengine hewa itashindwa kupita. Euphrasia akamwekea vema.

"Mama Eliya," Mabula akamuuliza mkewe, "zikishakuwa ngumu, zinalainika tena?"

Mwalimu hatakiwi kutoa jibu. Nilimwona akiikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Aliogopa, na mimi niliogopa naye.

"Hazilainiki, Baba Eliya. Ndiyo maana nakuomba uzitunze hizo zilizobaki."

Mabula aliiweka penseli juu ya mchoro wake. Halafu akampigia simu Enock, mwenzake wa machimboni, akamwambia watafute mtoboaji mwingine.

Jumatatu Sostenes alilipitisha zoezi bila kugusa neno. Euphrasia hakusubiri sifa. Alikuwa ameshaomba ruhusa, ampeleke mumewe kupigwa picha ya kifua.