Sato kwa Kiingereza

Nilipokuwa nasimamia ukurasa wa Instagram wa mgahawa mmoja wa samaki kando ya ziwa hapa Pasiansi, mama mwenye mgahawa alitaka kila kitu kiandikwe kwa Kiingereza. Alisema Kiswahili kinamfanya aonekane mama ntilie. Nikaandika Kiingereza cha hoteli kubwa, sato wetu akapata maelezo marefu kuliko yeye mwenyewe. Watu wakajaa kwenye maoni: "Hongera sana mama!" Walidhani amepata kazi nje. Hakuja mtu kula.

Nikajaribu lugha ya vijana: "Oya wanangu, sato yupo, njooni tule bata." Wanangu wakaja, wakaagiza soda moja watu wanne, wakapiga picha na ziwa, wakaondoka.

Mwishowe nikaandika kama tunavyoongea siku zote: "Sato wa kukaanga na ugali wa moto. Tupo Pasiansi kuanzia saa sita mchana. Karibuni." Jumapili watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja. Viti vikaisha, mimi nikala nimesimama.

Mama akazitazama meza zote, akaridhika.

"Umeona? Sasa tumekuwa mgahawa mkubwa," akaniambia. "Turudi kwenye Kiingereza."