Sindano na Barua ya Watu wa Korintho

Fundi cherehani wetu tunamwita Sindano, na si kwa ajili ya kazi tu. Ulimi wake nao unachoma. Darasa la saba ndipo alipoishia, lakini barua za mitume anazisoma kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Anainakili barua nzima kwenye daftari, bila namba za sura wala aya, kisha anaisoma kwa sauti kuanzia salamu hadi kwaheri. Barua ya mjomba, anasema, hakuna anayechomoa mstari mmoja akaitupa iliyobaki.

Alhamisi tulijibana chumbani kwake kati ya marobota ya vitambaa, wanawake watano na mzee wa kanisa. Mmoja wetu ni jirani yangu, muuza mkaa. Miezi mitatu alikuwa hajaigusa meza ya Bwana. Jumapili lazima apimie wateja wa asubuhi kwanza, basi anafika ibada iko katikati. Mzee huyo ndiye aliyemzuia, kwamba anayechelewa anakula isivyostahili na kujilia hukumu. Mama wa watu akaamini. Meza nyingine ilikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja, na alishaniambia: akizuiwa tena, harudi.

Sindano akasoma Wakorintho wa Kwanza, saa nzima na ushee. Mzee alisinzia mara mbili, akapigwa kiwiko. Kisha kwa chaki ya kuchorea vitambaa akaandika maswali kwenye meza yake ya kukatia: Nani anaandika? Kwa nani? Kulitokea nini kwao? Anataka wafanye nini? Sisi tunafanana na nani kati yao?

La tatu ndilo lililotukalisha. Mtume amepata habari, nyingine kutoka kwa watu wa nyumba ya Kloe. Wamegawanyika. Wakikutana kula, wengine wanatangulia kula chakula chao, hata kulewa, na wenzao wasio na kitu wanabaki na njaa na aibu. Nikadakia kwamba hao bila shaka walikawia kazini kama jirani yangu.

“Hilo barua haisemi, dada,” Sindano akanikata. “Usimtungie Mtume.” Akamgeukia mzee. “Baba, anayekemewa hapa ni nani? Aliyekosa chakula, au aliyetangulia?”

Mzee akakohoa, akasema mtu ameambiwa ajihoji.

“Ameambiwa. Na mwisho wa maneno hayo wameagizwa nini?”

Akapewa daftari. Namba za kumwokoa hakuna, ikabidi afuate kwa kidole toka juu. Alipofika hapo akasoma polepole: wakikutana kula, wangojane. Akavua miwani. Muuza mkaa alikuwa anautazama ule mstari kana kwamba umemtaja kwa jina.

Jumapili wakati wa meza ulipofika, benchi lake lilikuwa tupu. Mzee akamnong'oneza mchungaji, kwaya ikarudia wimbo, ikarudia tena. Akaingia anahema, kucha nyeusi. Mzee mwenyewe akampelekea sinia hadi benchi la nyuma.

Sindano akaniinamia. “Swali la nne hilo, la wafanye nini,” akasema. “La tano, tunafanana na nani, mzee ajibu nyumbani.”