Kipande cha Mawe cha Mutindi

Mpaka leo, Mutindi akisikia jembe likigonga mwamba hapo kijijini kwao Matinyani, humkumbuka mamake, na huikumbuka pia kemia.

Kanisa zima lilimchangia nauli mwaka wa themanini na sita, akaenda kusoma Amerika kwa ufadhili. Masharti yalikuwa mawili: asome masomo yote manne kila muhula, na wastani wa alama zake usishuke. Aliitikia kwa kichwa tu. Nani angemsikiliza mtu wa masharti huku akina mama wakimwimbia?

Huko kemia ikamshinda. Jaribio la kwanza alianguka, la pili akaanguka zaidi. Basi akafanya kama alivyodhani watu hufanya kwenye mwethya, kazi ya kusaidiana kuchimba matuta: ukipewa kipande chenye mawe, unakiacha, unahamia udongo laini. Akajiondoa kwenye kemia bila kumwambia mtu, akalala usingizi mzuri.

Haikupita wiki akaitwa na mshauri wa wanafunzi wa kigeni, mama mpole mwenye miwani.

"Sasa una masomo matatu," mama akasema. "Kwa viza yako, wewe si mwanafunzi kamili tena. Wafadhili nao watasimamisha malipo."

"Nilitaka tu kupunguza mzigo."

"Ungekuja kabla, ningekuruhusu kupunguza kwa upande wa viza, maana wewe ni mgeni katika ufundishaji wetu. Ukishaacha bila idhini, ni kosa. Bahati yako muhula ni mchanga. Mwalimu akitia sahihi, utarudi darasani."

"Na nikianguka?"

"Viza haitaguswa kwa hilo, mradi umesajiliwa. Ila wastani ukishuka, ufadhili utakatika. Bila karo, utarudi nyumbani."

Mutindi aliwaza jinsi angeshuka basi pale Kitui mjini na sanduku lilelile, akawatazama akina mama machoni. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa kemia.

Mwalimu alitia sahihi. Jioni hiyo Mutindi alimbishia hodi Abdiya, msichana wa Garissa aliyeielewa kemia lakini hesabu ilimtoa jasho. Wakabadilishana: huyu akimsukuma mwenzake kwenye hesabu, yule akimvuta kwenye kemia, chai ya maziwa katikati, na matusi ya kirafiki yasiyokwisha. Hakuna chai aliyowahi kuipenda hivyo tena. Kemia alipata C, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, na wastani ukasimama.

Aliporudi na digrii, alimsimulia mamake yote wakiwa shambani. Mama akaegemea jembe, akacheka hadi machozi.

"Mutindi wewe, kwani mwethya ulikuwa unaangalia nini? Kipande ya mawe mtu haachi hivi hivi. Unaita wengine kwanza."

"Niliita, mwaitu. Nilichelewa tu."

"Basi wewe ni mtoto yangu."

Mama hayupo sasa. Mutindi anapofika kwenye mawe, husimama, huinua kichwa, na kuita wengine.